Mlichoma nini kabla ya kulala?

Mtoto mchanga akiwa anaamka usiku kila baada ya muda, analia, pua imeziba na kifua kinakoroma, nyumbani majibu huwa yako tayari. Meno yanataka kutoka. Maziwa ya mama hayamtoshi. Kuna mtu kamtazama vibaya. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kliniki ya mama na mtoto, na mama akinieleza habari za namna hiyo huwa namuuliza jambo ambalo hakulitegemea: kabla ya kulala, mlichoma nini?

Nauliza hivyo kwa sababu hewa ya chumba cha kulala, hasa chumba cha kupanga, ina mambo mengi ndani yake kuanzia jua linapozama mpaka asubuhi. Mtu mzima anaingia na kutoka. Mtoto wa miezi mitano amelazwa palepale, na katika umri huo saa 24 zikiisha amelala saa 12 mpaka 16. Chochote kilichomo kwenye hewa ya chumba hicho, yeye ndiye anayekivuta kwa muda mrefu kuliko wote.

Nitaeleza kwa kisa cha mdogo wangu, kwa ruhusa yake, maana kwake nilipata nafasi ya kukaa usiku na kuangalia saa baada ya saa. Kliniki hatupati nafasi hiyo.

Anakaa Mbagala, chumba kimoja ndani ya nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, katikati korido, nyuma uani. Hakuna dari. Kuta za vyumba zinapanda mpaka karibu na bati kisha zinaachia, kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza unasikika cha sita. Dirisha lipo moja. Walikuwa wanalifunga saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya mbu, na kwa sababu bibi wa mtoto, mama mkwe wake aliyekuja kutoka Tanga kumsaidia, hataki upepo wa usiku umpige mjukuu wake.

Mtoto alikuwa na miezi mitano, uzito mzuri, chanjo zake zote amepata, pamoja na ile ya nimonia inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mchana anacheka. Usiku anakuwa mtoto mwingine. Analala saa mbili, kufika saa tano anaanza kujinyonganyonga na kugeuza kichwa huku na huku, anashika ziwa, ananyonya kidogo, analiachia, analia, analishika tena. Saa nane usiku hivyohivyo. Alfajiri anakohoa. Walikuwa wameshamnunulia dawa za kikohozi za maji kwenye duka la dawa, na hazikubadilisha kitu.

Kile kitendo cha kushika ziwa na kuliachia ndicho kilichonipa mwanga. Mtoto wa miezi ya mwanzo anategemea pua kwa kupumua, na akiwa ananyonya mdomo una kazi nyingine, basi pua ndiyo njia pekee iliyobaki. Pua ikivimba ndani, inabidi achague moja: anyonye au apumue. Anaanza kunyonya, pumzi inamwishia, anaachia, analia kwa sababu bado ana njaa. Mama anadhani maziwa hayatoki.

Moshi ndio unaovimbisha. Ngozi laini ya ndani ya pua na ya njia za hewa imepangwa vijinywele vidogo sana vinavyosukuma ute na uchafu kuelekea juu, usiku na mchana bila kupumzika. Moshi unavilegeza vijinywele hivyo, papo hapo unaifanya ngozi ivimbe na kutoa ute mwingi zaidi. Ute unaongezeka, ilhali wa kuusukuma hayupo. Mtu mzima atavuta, atakohoa, atatema. Mtoto aliyelala chali hana uwezo huo, kwa hiyo unakaa nyuma ya koo na ndio ule mkoromo unaousikia.

Halafu kuna suala la ukubwa wa njia yenyewe. Koo la hewa la mtoto mchanga lina upana wa kama milimita 4 tu. Ngozi ikivimba milimita 1 kuzunguka pande zote, upana unabaki milimita 2, na nafasi ya hewa kupita inakuwa robo ya ilivyokuwa. Kwangu mimi au wewe milimita hiyo moja tungeisikia kama kukereketwa koo. Na wakati njia yake ni nyembamba hivyo, anapumua haraka kutuzidi: mtoto mchanga huvuta pumzi 30 mpaka 60 kwa dakika, mtu mzima aliyetulia 12 mpaka 20. Ukigawa kwa kilo za mwili, hewa anayovuta, na kilichomo ndani yake, ni zaidi ya mara mbili ya yetu.

Basi nikamwomba mdogo wangu afanye jambo moja rahisi: achukue daftari, aandike kila kinachowashwa, kinachochomwa au kufagiliwa ndani na karibu na chumba, na saa yake, na pembeni aandike mtoto alivyokuwa. Alipoanza kuandika, mpangilio ulijitokeza wenyewe.

Saa kumi na mbili jioni majirani wanawasha majiko ya mkaa. Kiangazi wanawashia uani. Lakini ilikuwa masika, mvua kila siku, na majiko yalikuwa yameingia koridoni. Watu wengi wanaamini mkaa hauna moshi, na ni kweli ukishakolea unatoa moshi mdogo kuliko kuni. Shida ni ile robo saa au nusu saa ya kuwasha, hasa mkaa ukiwa na unyevu na mtu akawashia kwa mafuta ya taa au vipande vya nailoni. Moshi wa hatua hiyo ni mzito, unapanda mpaka kwenye bati, unatembea juu ya kuta na kushuka katika vyumba vyote sita. Chumba cha mdogo wangu kilikuwa kimefungwa dirisha na mlango, wakidhani wamemkinga mtoto. Uliingilia juu, na dirisha likiwa limefungwa haukuwa na pa kutokea.

Saa mbili usiku ilikuwa zamu ya dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya duara. Waliiweka chini ya kitanda, mbali na mikono, chandarua juu kimefungwa vizuri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo ninalolikuta kwenye nyumba nyingi kuliko yote, na watu wanalifanya kwa mapenzi kabisa, kumkinga mtoto na malaria.

Dawa inayofukuza mbu katika duara lile ni kiasi kidogo sana. Huwa ni ya jamii ya pairethroidi, dawa zilizotengenezwa kwa kuigiza sumu ya ua la pareto, ua hilohilo wanalolima wakulima wa Iringa na Mbeya. Sehemu kubwa ya duara ni unga wa mbao, unga wa vifuu vya nazi, wanga wa kugandishia na rangi. Vitu hivyo vimewekwa ili vifukute taratibu kwa muda wa saa nane hivi. Maana yake, karibu moshi wote unaovutwa usiku kucha ni moshi wa kuni zilizosagwa, zinazofukuta bila mwali, ndani ya chumba kilichofungwa. Mwaka 2003 watafiti walipima moshi wa dawa za duara zinazouzwa China na Malaysia. Waligundua kwamba duara moja likiungua lote linatoa vumbi laini la moshi, lile linalofika mpaka chini kabisa ya mapafu, kwa kiasi sawa na sigara 75 mpaka 137. Tuchukue kiwango cha chini, 75, tukigawe kwa saa nane: inakuwa kama sigara tisa kila saa. Haina nikotini, hilo ni kweli, lakini vijinywele vya pua ya mtoto havijui tofauti hiyo.

Chandarua hakizuii moshi. Matundu yake yametengenezwa kuzuia mbu, na chembe za moshi ni ndogo mno. Kuweka duara mbali, pembeni ya chumba, nako hakusaidii sana chumba kikiwa kidogo na kimefungwa, kwa sababu baada ya muda moshi unaenea sawasawa kila mahali. Ukipima kwa saa, mtoto wa mdogo wangu alikuwa anaanza kuhangaika ikishapita kama saa tatu tangu duara kuwashwa. Usiku mmoja dukani ziliisha, hawakuwasha. Daftari linasema: aliamka saa saba, akanyonya, akalala.

Kilichobaki ni vumbi. Alfajiri bibi alikuwa anafagia chumba kwa fagio la chelewa, kikavu, mtoto akiwa bado kitandani. Chini kuna zulia juu ya saruji, na nje ni barabara ya vumbi isiyo na lami, kwa hiyo zulia lile limebeba barabara nzima. Mafagio yanainua vumbi, vumbi zito linashuka upesi na tunaliona sakafuni, lakini lile laini linabaki hewani muda mrefu, hata baada ya fagio kuwekwa pembeni. Kikohozi cha alfajiri kilianzia hapo, kikiwa kinaongezea juu ya ute wa usiku kucha.

Tulikaa tukaongea. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, hawa wote nimewalea kwenye moshi. Baba yake huyu alizaliwa jikoni, nikampasha moto, nikamfukiza ubani siku arobaini, na leo ni mtu mzima."

Nikamwambia, "Ni kweli mama, na Mungu amewaweka. Lakini mama, jikoni kwenu Tanga kulikuwaje?"

Akaeleza: banda la makuti, pembeni ya nyumba, ukuta wa fito upande mmoja tu. Basi nikamwuliza na hapa Mbagala kukoje, akatazama bati, akatazama dirisha lililofungwa, akaanza yeye mwenyewe kutaja tofauti. Sitaki nidanganye kwamba banda la makuti lilikuwa salama. Watoto wengi wa zama zile walikufa kwa homa ya mapafu na hawakuhesabiwa. Lakini banda lilikuwa linapitisha hewa, na chumba hiki hakipitishi. Kuhusu ubani, tulikubaliana avifukize vitambaa na nguo za mtoto juu ya chetezo uani, azitundike zipungwe na upepo, kisha ndipo avalishwe. Chetezo kisiingie chumbani. Hakuona ubaya.

Dawa ya duara waliiacha. Chandarua walichokuwa nacho kilikuwa kile cha dawa kinachotolewa kliniki wakati wa ujauzito, na kilikuwa na tundu pembeni ambalo ndilo lililokuwa linaingiza mbu. Likashonwa. Pembe zikawa zinafumbatwa chini ya godoro kabla ya giza kuingia, maana mbu akishaingia ndani ya chandarua atakaa naye usiku kucha. Dirisha likawekwa wavu, fundi akakata kipimo na kupigilia fremu ya mbao, na gharama yake haikufika mbali na kile walichokuwa wanatumia kwa maduara. Baada ya hapo dirisha liliweza kubaki wazi. Kwa nyumba ambayo mbu ni wengi mno na wavu bado, nashauri hivi: duara liwashwe mapema mtoto akiwa nje na mama, lizimwe kabisa, dirisha na mlango vifunguliwe mpaka harufu iishe, kisha mtoto aingizwe moja kwa moja ndani ya chandarua. Ni nafuu ya shida. Kwa malaria yenyewe, kinachomkinga mtoto ni chandarua chenye dawa. Ushahidi kwamba moshi wa duara unazuia malaria bado ni mdogo.

Majiko ndiyo yaliyokuwa kazi, kwa sababu si ya mdogo wangu. Yeye ana mtungi mdogo wa gesi anaotumia kwa chai na uji, maharage anapika kwa mkaa. Majirani watano nao wana majiko yao. Alikwenda kwa mama mwenye chumba cha kwanza, mtu mzima wanayemheshimu wote, akamweleza habari za mtoto. Huyo mama ndiye aliyewaita wengine. Walichanga wakanunua bati kuukuu na nguzo, wakaezeka kibanda uani. Sasa hata mvua ikinyesha jiko linawashwa nje, bila nailoni.

Hapa kuna onyo ambalo lazima nilitenganishe na habari ya moshi. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nyanda za baridi, Njombe, Makete, Lushoto, na hata pwani kwa mama aliyetoka kujifungua, kuna desturi ya kuingiza jiko chumbani au kuliweka chini ya kitanda ili kupasha joto. Mtoto akiwa mlegevu, haamshiki kirahisi, hataki kunyonya, na watu wazima wa chumba hicho wanaumwa kichwa au kichefuchefu, toeni wote nje kwanza, maswali baadaye, kisha mkimbilie hospitali. Hapa huwezi kutegemea pua yako ikuambie kitu.

Mtoto alibadilika. Hakubadilika usiku mmoja. Ngozi iliyovimba inahitaji siku kadhaa kutulia. Pua yake walikuwa wanaisafisha kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa, tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya, na dawa za kikohozi wakaziweka pembeni. Mafuta ya kupaka yenye kafuri na mentholi niliwaambia wasimpake kabisa, hayafai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Kufagia kukawa kwa kitambaa kibichi, zulia likatolewa nje likakung'utiwa mbali na dirisha. Akaanza kulala mpaka saa nane, ananyonya ziwa lote bila kuachia, analala tena.

Nisiahidi zaidi ya hapo. Vijijini Malawi, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulifuatilia watoto zaidi ya 10,000, kama nusu yao wazazi wakapewa majiko bora yenye moshi mdogo, na nimonia ya watoto hao haikupungua kulinganisha na waliobaki na moto wa kawaida. Mwingine, ulioihusisha Rwanda pamoja na Guatemala, India na Peru na kutangaza matokeo ya nimonia mwaka 2024, uligawa gesi kwa akina mama tangu ujauzito. Moshi walioupumua ulipungua sana, nimonia kali kwa watoto wao haikupungua. Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema moshi hauna shida. Mimi sisomi hivyo. Nimonia inaletwa na vijidudu, na inategemea pia lishe, chanjo na msongamano. Na mtoto aliyebadilishiwa jiko bado anapumua takataka zinazochomwa na jirani, kibatari, sigara ya baba na duara la mbu. Kwa hiyo nikimwona mtoto ambaye chumba chake kimesafishwa vizuri na bado anapumua kwa shida, simrudishi nyumbani kwa kuwa moshi umeondoka.

Kutofautisha kunawezekana nyumbani. Pua iliyozibwa na moshi haileti homa, inazidi vitu vikishawashwa, na inapungua mtoto akilala kwenye nyumba nyingine yenye hewa. Nimonia haifuati saa za jiko. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue nguo kifuani, shika saa, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto wadogo wanapumua kwa kupokezana haraka na polepole. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Rudia kuhesabu, na zikiwa zilezile nenda. Miezi 2 mpaka 11, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Angalia pia sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia: ikiwa inaingia ndani kila anapovuta pumzi, au tundu za pua zinatanuka, au anatoa mguno kila anapotoa pumzi, au midomo inageuka rangi ya bluu, au hawezi kunyonya kabisa, tafuta usafiri usiku huohuo. Mbebe wima njiani, usimfunike uso, na ukifika mapokezi taja idadi uliyohesabu, umri wake kwa miezi, na kilichokuwa kinawaka chumbani.